Kabla ya kuipanga runinga ijizime, rekebisha saa yake

Jumatatu moja ya mwezi Juni, baridi ya Dodoma ikiwa imeshika kweli kweli, nilimkuta mwanangu wa darasa la tatu amelala kwenye kochi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alikuwa amevaa sare. Mguu mmoja una soksi, mwingine hauna, na soksi ya pili ameishika mkononi. Usingizi ulimchukua akiivaa. Gari la shule lilipopiga honi nje ilibidi nimbebe hadi mlangoni. Jana yake, Jumapili, tulikuwa na wageni, runinga ikaendelea kuwaka mpaka usiku mwingi, na hakuna kati yetu wakubwa aliyekumbuka kumwambia akalale.

Siku hiyohiyo niliamua runinga iwe inajizima yenyewe saa tatu usiku. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Ilinichukua karibu wiki tatu mpaka ikakaa sawa, na tangu hapo nimeona makosa yaleyale niliyoyafanya mimi yakirudiwa na majirani zangu wa Ipagala na ndugu zangu wa Bahi. Wengi hujaribu mara moja, runinga haizimiki, wanaamua kwamba mtambo wao ni mbovu na kuachana na jambo lenyewe. Mara nyingi runinga ni nzima. Inafuata saa yake, na saa yake haifanani na ya ukutani kwetu. Naomba tulielewe hilo hatua kwa hatua.

Majina matatu, kazi tatu

Chukua rimoti, bonyeza MENU au Settings, utafute sehemu ya muda. Kwenye runinga nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani kwetu sehemu hiyo imeandikwa TIME, na chini yake utakuta Clock, Off Time, On Time, Sleep Timer na Auto Sleep. Kwenye Samsung, ingia Settings, General, System Manager, kisha Time. Kwenye LG, tafuta General halafu Time & Timer. Runinga nyingi za Android huweka mambo haya ndani ya Device Preferences, sehemu ya Power, na humo utaona Sleep Timer na No Signal Auto Power Off. Maneno hutofautiana kidogo, lakini kazi ni tatu tu.

Sleep Timer huhesabu dakika kuanzia pale unapoiwasha. Ukichagua 60, runinga itazima baada ya saa moja, iwe ni usiku au mchana. Haijali ni saa ngapi. Ikishazima mara moja imemaliza kazi, na kesho lazima uiweke tena. Rimoti nyingi zina kitufe chake kabisa kilichoandikwa SLEEP, na kila ukikibonyeza namba inapanda: 10, 20, 30, 60, 90, 120, na kwenye nyingine hadi 180.

Off Time, au Off Timer, ni ya saa maalumu. Unaiambia runinga izime saa fulani, nayo hufanya hivyo kila siku bila kukumbushwa. Hii ndiyo inayomfaa mtoto, kwa sababu haimtegemei mzazi aliyechoka kuikumbuka kila jioni. Ila inategemea kitu kimoja, nacho ni Clock, yaani saa iliyo ndani ya runinga yenyewe. Saa hiyo ikikosea, kila kitu kimekosea.

Auto Sleep, ambayo kwingine huitwa Auto Power Off, hupima ukimya. Huhesabu muda tangu mtu alipogusa rimoti mara ya mwisho, na kwa kawaida hutoa chaguo la saa 4, 6 au 8. Zile saa nne zina asili yake: Umoja wa Ulaya, katika kanuni namba 642 ya mwaka 2009, uliagiza runinga zinazouzwa huko zijizime ndani ya saa nne tangu ziguswe mara ya mwisho, baada ya kutoa taarifa kwenye skrini. Lengo lilikuwa kuokoa umeme, na mtoto hakuwa katika hesabu hiyo. Mtoto anayebadilisha chaneli kila baada ya robo saa anaianzisha hesabu upya kila anapobonyeza. Asiyegusa chochote kuanzia saa mbili usiku ataangalia hadi saa sita. Kwa hiyo mzazi aliyewasha Auto Sleep peke yake akaamini amemwekea mwanawe mpaka, hajaweka mpaka wowote.

Saa tatu yetu ni 21:00 yake

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Niliingia kwenye Off Time, nikaandika 03:00, nikatoka nikiwa nimeridhika. Ilipofika saa tatu usiku runinga iliendelea na katuni kama kawaida. Nilirudia kesho yake, mambo yakawa yaleyale. Bila shaka ilikuwa tayari kutii, lakini saa tisa usiku, wakati sisi wote tumelala na yenyewe imeshazimwa.

Sisi tunaanza kuhesabu usiku jua linapozama na mchana linapochomoza. Runinga huhesabu tangu usiku wa manane hadi usiku wa manane unaofuata, saa ishirini na nne mfululizo. Njia rahisi niliyowafundisha watu nyumbani ni hii: kwa saa za usiku kuanzia saa moja hadi saa tano, ongeza 18. Saa moja usiku inakuwa 19:00, saa mbili 20:00, saa tatu 21:00, saa tano 23:00. Saa sita usiku ni 00:00. Kwa saa za mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ongeza 6, hivyo saa kumi jioni inakuwa 16:00. Kama runinga yako inaonyesha AM na PM badala ya saa ishirini na nne, saa tatu usiku ni 9:00 PM. Ukikosea ukaweka AM, itakuzimia saa tatu asubuhi.

Kuna pia suala la majira ya nchi. Runinga yenye mtandao hujipatia saa yenyewe, lakini lazima iambiwe iko wapi duniani. Kwenye Time Zone chagua GMT+3. Kama orodha ni ya majina ya miji na huioni Dar es Salaam, chagua Nairobi, maana saa ni moja. Runinga iliyoachwa kwenye GMT itakuwa nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiiambia izime 21:00, itazima saa sita usiku ya hapa. Ukiona runinga inazima kila siku kwa kuchelewa muda uleule, saa tatu kamili au saa mbili kamili, basi tatizo ni Time Zone.

Umeme ukikatika

Niliporekebisha nikaweka 21:00, na nikaiambia saa ya ndani muda sahihi, ilifanya kazi siku nne mfululizo. Kisha Jumamosi umeme ukakatika jioni, ukarudi saa moja usiku. Usiku huo runinga haikuzima, lakini kwa kuwa ni Jumamosi hatukujali. Kesho yake Jumapili, saa kumi jioni, watoto wakiwa katikati ya filamu, skrini ikawa nyeusi ghafla. Mtoto mdogo alilia akisema runinga imekufa. Tuliiwasha ikawaka. Jumatatu saa kumi kamili ikazima tena.

Nilimwita fundi. Alikuja na begi lake, na kabla ya kufungua hata skrubu moja aliomba rimoti, akaingia TIME, akanionyesha Clock. Ukutani ilikuwa saa kumi na moja na robo jioni. Runinga ilisema 22:15.

Tulikaa tukapiga hesabu pamoja. Umeme ulipokatika, saa ya ndani ilipotea. Uliporudi saa moja usiku, saa ile ilianza upya kutoka 00:00. Kuanzia hapo iliendelea kutembea, maana runinga ilikuwa kwenye soketi. Ili ifike 21:00 ilihitaji saa ishirini na moja, na saa ishirini na moja baada ya saa moja usiku ni saa kumi jioni ya siku inayofuata. Runinga ilitii nilichoiagiza bila kukosea hata dakika. Ni saa yake tu iliyokuwa imehama.

Kwa hiyo kabla ya kuitegemea runinga yako, ifanyie jaribio hili. Weka Clock kulingana na saa ya simu yako. Panga Off Time izime dakika tano mbele, ukae uone inazima. Kisha iwashe, chomoa waya wa umeme ukutani, subiri dakika moja, uchomeke na kuingia tena kwenye Clock. Kama muda bado ni sahihi, runinga yako inatunza saa au inajipatia kutoka kwenye mtandao au antena, na unaweza kuiamini. Kama inasoma 00:01, basi kila umeme ukikatika ni lazima mtu mzima aiweke upya. Sisi tumelifanya liwe jambo la kawaida: umeme ukirudi, anayerudisha friji kwenye soketi ndiye anayeangalia saa ya runinga.

Mara nyingine muda unaonekana kwenye kona ya skrini, ukadhani ni wa runinga kumbe ni wa king'amuzi. King'amuzi huchukua saa kutoka kwenye matangazo, hivyo yake huwa sahihi hata umeme ukikatika. Wengi huiona ile, wakaamini runinga nayo iko sawa. Iangalie saa ya runinga ndani ya menyu ya runinga, kwa rimoti ya runinga.

Hali hii ina maana kubwa kwa ndugu zetu wa vijiji vya Bahi, Chamwino na Manyoni wanaotumia runinga za volti 12 kwenye sola. Wengi huzima kila kitu kwenye kifaa cha sola kabla ya kulala ili betri ipumue, na wanafanya vizuri. Ila kuzima huko kunaifuta saa kila siku kwenye runinga isiyotunza saa, kwa hiyo Off Time haitafanya kazi kwao. Vivyo hivyo kwa nyumba za mjini zinazozima runinga kwenye extensheni kila usiku. Kwa hawa, kinachofaa ni Sleep Timer. Watoto wakianza kuangalia saa kumi na mbili na nusu jioni, bonyeza SLEEP hadi 90, na kufikia saa mbili usiku runinga imezima. Haihitaji kujua ni saa ngapi.

Saa ipi, na siku zipi

Nilikuwa nimechagua saa tatu usiku kwa kuwa ndiyo iliyonijia mdomoni. Baadaye nilikaa nikahesabu kwa kurudi nyuma. Chama cha Marekani cha Tiba ya Usingizi, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016, kinasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 katika siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilitaja saa 10 hadi 13 kwa watoto wa miaka 3 na 4, likaongeza kwamba muda wao wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku.

Mwanangu ana miaka tisa na gari la shule linamfanya aamke saa kumi na moja na robo alfajiri. Ukirudi nyuma saa tisa, ambazo ni za chini kabisa kwa umri wake, unafika saa mbili na robo usiku. Wakati huo awe ameshalala. Kwa hiyo ile saa tatu niliyoipigania ilikuwa inamnyima karibu saa nzima kila usiku, hata kama runinga ingezima bila kosa.

Lakini saa mbili usiku ni taarifa ya habari, na babu yao hawezi kuikosa. Hapo ndipo tulipopata mpango ambao umedumu. Runinga inazima 19:55, yaani saa mbili kasoro dakika tano. Watoto wanajua kwamba ikizima, wanakwenda kupiga mswaki na kulala. Dakika tano baadaye babu anaiwasha upya kwa taarifa ya habari. Ule mkato wa katikati ndio kengele yao. Hakuna anayebishana na mama wala na dada wa kazi, kwa sababu hakuna aliyewafukuza sebuleni.

Sasa kuhusu siku. Off Time kwenye runinga nyingi ina chaguo la Once, Every day, Mon~Fri, Mon~Sat na mengine. Once huzima siku moja tu halafu hujifuta, na hii huwaponza wengi wanaosema ilifanya kazi mara ya kwanza kisha ikagoma. Mimi niliponzwa na Mon~Fri. Niliona Jumatatu hadi Ijumaa ndizo siku za shule, nikaichagua. Ijumaa usiku, wakati kesho hakuna shule, runinga iliwazimia watoto. Jumapili usiku, ambao ndio ule ule uliomlaza mwanangu na soksi mkononi, haikuzima kabisa. Usiku wa shule ni ule unaotangulia siku ya shule: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Runinga ya kwetu haina chaguo la Jumapili hadi Alhamisi, na sijaiona nyingine ya bei yake iliyo nayo.

Tumeiweka Every day. Ijumaa na Jumamosi ikizima, mkubwa anaiwasha tena na watoto wanaendelea hadi saa tatu na nusu. Ni bora ruhusa iwe ndiyo inayohitaji mtu kunyanyuka, kuliko katazo. Ukisahau ruhusa, mtoto amelala mapema siku moja. Ukisahau katazo, Jumatatu asubuhi unambeba.

King'amuzi, sabufa na flashi

Dodoma iliingia kwenye matangazo ya dijitali mwanzoni mwa mwaka 2013, muda mfupi baada ya Dar es Salaam, na tangu hapo karibu kila sebule ina vifaa viwili: runinga na king'amuzi. Runinga inapozima yenyewe, king'amuzi kinaendelea. Kwa macho ya kawaida hakuna neno. Lakini nyumba nyingi zina sabufa, na watu wengi huchukua waya mwekundu na mweupe wa sauti kutoka nyuma ya king'amuzi na kuupeleka moja kwa moja kwenye sabufa. Hivyo runinga inazima, picha inapotea, na sauti inabaki inanguruma. Kwa jirani yangu mmoja watoto waliendelea kukaa gizani wakisikiliza tamthilia hadi ilipoisha.

Tiba yake ni kuhamisha waya. Toa sauti kwenye runinga, kwenye tundu la AUDIO OUT au la hedifoni, uipeleke kwenye sabufa. King'amuzi kipeleke sauti na picha kwenye runinga kwa kebo ya HDMI au kwa nyaya tatu za rangi. Runinga ikizima, sauti nayo inakatika. Hakikisha kwa kuizima kwa rimoti na kusikiliza.

Unaweza pia kuanza upande wa pili. Ving'amuzi vingi vina mpangilio wao wa kujizima ndani ya menyu, na kama nilivyosema, saa yao haipotezwi na umeme. King'amuzi kikizima, runinga huandika No Signal, na kama No Signal Auto Power Off imewashwa, nayo itazima baada ya dakika chache, kwa kawaida 5 hadi 15. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara na runinga haitunzi saa, njia hii ni ya kuaminika zaidi. Mpaka wake ni kwamba inahusu king'amuzi peke yake. Mtoto aliyechomeka flashi yenye katuni, au anayeangalia YouTube kwenye runinga ya mtandao, hakigusi king'amuzi, na king'amuzi hakina habari naye. Kwetu flashi ilikuwa ndiyo mlango wa nyuma, ndiyo maana tulibaki na Off Time ya runinga.

Wakubwa na mpira wa usiku

Hayo ni ya watoto. Sisi wenyewe je? Mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinazochezwa usiku wa kwao huanza kwetu saa nne usiku wakati wao wako kwenye saa za kiangazi, na saa tano usiku wakirudi kwenye saa za baridi. Mtu ametoka kazini Mtumba, amekula, anajinyoosha kwenye kochi, na dakika ya thelathini amelala. Runinga inaendelea mpaka alfajiri. Katika nyumba ya vyumba viwili kelele hizo zinaingia moja kwa moja walipolala watoto.

Off Time imeshatumika kwa watoto, na runinga nyingi zina moja tu. Kwa hiyo mkubwa atumie Sleep Timer. Mechi ya kawaida, pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza, haizidi saa mbili kwa kawaida. Mwamuzi anapopuliza kipenga cha kwanza, bonyeza SLEEP hadi 120. Kama ni mechi ya mtoano inayoweza kufika muda wa ziada na penalti, weka 180. Ukisinzia, runinga itakuzimia. Auto Sleep ya saa nne nayo iache ikiwa imewashwa kama akiba, kwa ajili ya siku utakayosahau.

Faida nyingine utaiona kwenye LUKU. Chukua runinga ya inchi 32 ya wati 50 na king'amuzi cha wati 10. Vikiwaka bure kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, ni saa sita, sawa na uniti 0.36 kwa usiku mmoja. Kwa mwezi ni karibu uniti 11. Kwa aliye kwenye kundi la D1, ambalo matumizi yake hayatakiwi kuzidi uniti 75 kwa mwezi, hizo ni uniti za kuziangalia. Soma wati nyuma ya runinga yako, uzidishe kwa saa, ugawe kwa 1,000, na utapata zako.

Pale ambapo mpangilio hauwezi kitu

Ni lazima niseme wazi kwamba Off Time haifungi runinga. Inaizima tu. Mtoto akibonyeza kitufe chekundu, inawaka tena na itakaa hivyo hadi kesho. Isitoshe, runinga nyingi huonyesha onyo dakika moja kabla ya kuzima, na kubonyeza kitufe chochote wakati huo kunafuta kuzima kwa siku hiyo. Wangu waligundua hilo siku ya tatu. Nilijua kwa sababu nilisikia ukimya wa ghafla sebuleni, kisha mmoja akisema kwa sauti ya chini, "Bonyeza, bonyeza."

Tulichofanya ni kuihamisha rimoti. Kuanzia saa moja na nusu usiku inakaa kwa babu, na mtoto anayetaka kubadili chaneli anamwomba, "Shikamoo babu, naomba tuweke ile nyingine." Vitufe vilivyo kwenye runinga yenyewe tulivifunga kwenye menyu, sehemu ya Lock, kwa chaguo la Key Lock. Sehemu hiyo hufunguliwa kwa namba ya siri, ambayo kiwandani huwa ni 0000 au 1234. Ibadilishe, maana watoto huzijaribu hizo kwanza, na iandike mahali ambapo wewe hutaisahau.

Kama runinga yako ni ya Google TV, kuna kufuli la kweli. Tengeneza wasifu wa mtoto, uingie kwenye muda wa skrini, na uweke kikomo cha siku pamoja na saa ya kulala. Muda ukifika skrini inajifunga na kumwambia muda umekwisha, na kutoka hapo kunahitaji namba yako ya siri. Hii inafaa zaidi kwa nyumba ambayo watoto hubaki peke yao jioni, na inahitaji akaunti ya mzazi na mtandao.

Na runinga ikizima, tazama mtoto anaelekea wapi. Mmoja wa wetu, wa darasa la sita, alielekea kwenye simu ya mama yake. Simu zote sasa zinachajiwa chumbani kwetu kuanzia saa mbili kasoro dakika tano, wakati uleule.

Muhula huu mwanangu bado anaamka kwa shida, hasa Juni na Julai baridi inapokuwa kali. Lakini anavaa soksi zote mbili mwenyewe, na honi inapopigwa yuko wima mlangoni na begi lake. Jana umeme ulikatika saa kumi na kurudi saa kumi na mbili jioni. Ni yeye aliyeniletea rimoti na kuniambia, "Baba, saa ya TV imerudi sifuri."